Barua ya rufaa, meza ya kwanza na foleni ya majibu: niliyojifunza nikimuuguza baba Mtwara

Barua ya kwanza ya rufaa aliyopewa baba ilikuwa na mstari mmoja. Juu jina na umri, chini sahihi na muhuri, na katikati maandishi ya haraka: "BPH. Kwa uchunguzi zaidi." Basi. Herufi zile tatu maana yake ni kuvimba kwa tezi dume kusiko kwa saratani. Kwa macho ya sisi tusio wa fani ile ni barua kamili, ina muhuri, inatosha kupanda nayo gari. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mstari ule mmoja ndio uliotupotezea muda mwingi kuliko foleni zote tulizokaa mjini. Naandika haya kwa wenzangu wenye wazee vijijini, Tandahimba, Newala, Nanyamba na kwingineko, ambao siku moja watapigiwa simu usiku kuambiwa mzee hawezi kukojoa.

Yetu ilianza hivyo hivyo. Baba ana zaidi ya miaka 65, ni mkulima wa korosho, na kwa muda mrefu alikuwa akiamka usiku mara kwa mara kwenda chooni. Mkojo unatoka kidogo kidogo, anasimama muda mrefu, anarudi kulala, anaamka tena. Kwa kuwa ni mambo ya faragha alikaa kimya. Mama ndiye aliyenidokeza, naye kwa kuzunguka sana. Zahanati walimpa dawa za kutibu maambukizi ya mkojo, akapata nafuu, hali ikarudi. Ikafika usiku mmoja mkojo ukakataa kabisa, tumbo la chini limevimba na kukakamaa, mzee analia. Kaka yangu akambeba kwa pikipiki hadi hospitali ya wilaya.

Hapo kuna jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui. Mkojo ukiziba kabisa hiyo ni dharura, na dharura haihitaji barua ya rufaa. Hakuna haja ya kusubiri asubuhi zahanati ifunguliwe ili uandikiwe karatasi. Unakwenda moja kwa moja kituo cha karibu chenye uwezo wa kuweka mpira wa mkojo, unaingilia upande wa dharura, na mgonjwa anahudumiwa kwanza, mambo ya malipo yanafuata. Baba alipowekwa mpira mkojo ulitoka mwingi mno hata kaka akashangaa, na maumivu yakaisha palepale. Barua ya rufaa inaanza kazi baada ya hapo, dharura ikishatulia na mgonjwa anatakiwa kuonwa na bingwa kwa mpangilio.

Tukaandikiwa ule mstari mmoja, na maneno ya mdomo: "Mpelekeni Mtwara."

Mtwara ipi? Mjini sasa kuna hospitali mbili kubwa za serikali. Iko ya mkoa, Ligula, ambayo kila mtu anaijua tangu zamani, na iko ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, upande wa Mikindani. Ni hospitali mbili tofauti, kila moja na kliniki zake na siku zake. Mwenye bajaji ukimwambia "nipeleke hospitali kubwa" atakupeleka anakojua yeye. Kwa hiyo kabla hujatoka kwa daktari anayekuandikia, muulize jina la hospitali, jina la kliniki, na siku ambayo kliniki hiyo inakaa. Kama hajui siku, aulize kwa simu. Madaktari wa wilaya wana namba za wenzao, na simu ya dakika mbili inaokoa nauli ya watu wawili.

Siku za kliniki ndizo zinazowaumiza wengi wanaotoka mbali. Bingwa wa upasuaji hakai chumba cha kliniki kila siku. Kuna siku zake za kuona wagonjwa, siku za kupasua, na siku za kuzunguka wodini. Ukifika siku ya upasuaji, hata uwe wa kwanza getini, utaonwa na daktari wa kawaida wa wagonjwa wa nje, naye atakupangia siku ya kliniki. Baba alifika na basi la alfajiri, mpira umefungwa pajani chini ya kanzu, tukaambiwa kliniki ni siku nyingine. Hilo halikuwa kosa la aliyekuwa pale mapokezi. Ndivyo ratiba ilivyo, na imebandikwa ukutani. Tatizo ni kwamba ukuta uko mjini na mgonjwa yuko kijijini.

Tulirudi siku sahihi, na hapo ndipo ule mstari mmoja ulipotugharimu. Barua ya rufaa inasomwa na zaidi ya mtu mmoja. Anaisoma wa mapokezi ili ajue akupeleke wapi, anaisoma nesi anayepanga nani aingie kwanza, na mwishowe anaisoma bingwa ili ajue aanzie wapi. Yetu haikumwambia yeyote kati yao kitu. Haikuwa na tarehe ya kuwekwa mpira, haikutaja dawa alizotumia, haikutaja kipimo chochote, ingawa hospitali ya wilaya walimpima figo na mkojo na majibu yalikuwepo kwenye faili lao. Bingwa hawezi kukisia. Akaagiza vipimo vyote upya, na siku yetu ikaishia maabara.

Jioni nilimpigia daktari aliyetuandikia. Hakukasirika hata kidogo. Aliniambia siku ile alikuwa peke yake zamu nzima na wagonjwa wamejaa hadi nje. Kaka akarudi kwake asubuhi, akaandika barua nyingine. Nitaieleza ilivyokuwa kwa sababu tofauti yake niliiona kwa macho yangu.

Ilianza na neno "Kliniki ya upasuaji" juu kabisa, na jina la hospitali. Ikafuata historia fupi: dalili zilianza lini, mkojo uliziba tarehe gani, mpira uliwekwa tarehe gani na mkojo kiasi gani ulitoka. Kisha magonjwa mengine, kwamba ana presha na anameza dawa gani. Kisha dawa za tezi alizoanzishwa. Kisha majibu ya vipimo, kila kimoja na tarehe yake, na nakala zimebanwa kwa pini nyuma. Halafu swali lenyewe: je, mgonjwa huyu anafaa kupasuliwa, au ajaribu kutolewa mpira akiwa kwenye dawa? Mwisho jina la daktari na namba yake ya simu. Ukurasa mmoja tu. Siku tuliyokwenda na barua ile nesi aliisoma kwa kalamu mkononi, akaandika neno juu ya faili, akatuelekeza benchi la kliniki bila kutupitisha kwanza kwa daktari wa kawaida. Bingwa alipoifungua hakuagiza tena kilichokwisha kupimwa. Alianza na swali lililoulizwa.

Ndugu zangu, mnayo haki ya kuomba barua ya namna hiyo. Omba kwa adabu, usiombe kama unamfundisha daktari kazi. Mimi sasa nasema hivi: "Daktari, tunatoka mbali, naomba utuandikie na majibu ya vipimo na tarehe, tusije tukarudiwa kupimwa." Sijakutana na aliyekataa. Na kabla hujaikabidhi barua popote, ipige picha kwa simu, kurasa zote, mbele na nyuma. Barua halisi inabaki kwenye faili la hospitali, na faili likichelewa kupatikana wewe unabaki mikono mitupu. Picha ile ilituokoa zaidi ya mara moja.

Sasa nije kwenye meza ya kwanza, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza jambo zito kuliko yote.

Ukifika kitengo cha wagonjwa wa nje, kabla ya daktari unapita kwa nesi anayepima presha, joto na uzito, na kuuliza shida ni nini. Wengi wetu tunaichukulia meza hiyo kama utaratibu tu, tunajibu ilimradi. Lakini nesi yule ndiye anayeamua nani asubiri na nani apitishwe. Kwenye foleni ya hospitali hatangulii aliyewahi kufika pekee, anatangulia aliye kwenye hatari. Upande wa dharura wanagawa wagonjwa kwa rangi: nyekundu anahudumiwa papo hapo, njano anasubiri muda mfupi huku akiangaliwa, kijani anasubiri. Rangi yako inatokana na vipimo vile na maneno utakayosema mezani.

Siku moja, wakati bado tunasubiri tarehe ya kliniki, mpira wa baba uliziba. Tangu alfajiri alikuwa akinywa maji lakini mfuko ni mkavu, na mkojo ulikuwa ukivuja kidogo pembeni ya mpira. Nilimkimbiza hospitali. Mezani kulikuwa na nesi binti, wa umri wa mjukuu wake, na nyuma yetu mstari wa watu, kina mama wengi. Akamwuliza, "Shikamoo babu, unasumbuliwa na nini?" Baba akatazama chini, akasema, "Marahaba. Tumbo linaniuma mjukuu wangu." Nesi akaandika maumivu ya tumbo, presha haikuwa mbaya, joto la kawaida, akatuonyesha benchi la kusubiri. Nami nilinyamaza kwa kumstahi baba mbele za watu.

Tulikaa pale. Nilimwona anabana meno, jasho linamtoka kwenye paji la uso, vidole vimeshika ukingo wa benchi. Nikanyanyuka, nikamwendea nesi upande wa pili wa meza nisije nikasikika, nikamwambia kwa sauti ndogo: "Dada, baba ana mpira wa mkojo. Umeziba tangu alfajiri, mfuko ni mkavu na anakunywa maji, na tumbo la chini limekakamaa." Alisimama kabla sijamaliza. Baba aliingizwa chumba cha dharura, mpira ukabadilishwa, na nesi yule yule akaja kumwambia kwa upole, "Babu, siku nyingine niambie nije pembeni, nitakuja."

Ugonjwa ulikuwa ule ule na hospitali ile ile. Kilichobadilika ni sentensi. "Tumbo linauma" ni sentensi ya watu wengi waliokuja siku ile, wengi wao wanaweza kusubiri. "Mpira umeziba, mkojo hautoki" haiwezi kusubiri. Kwa mwenye mpira yapo maneno manne ambayo ni lazima yatajwe mezani kama yapo: mkojo hautoki, unatoka na mabonge ya damu, homa yenye kutetemeka, au kuchanganyikiwa na kulegea. Kama mzee anaona aibu, mwulize nyumbani kabla hamjatoka, umwambie wewe ndiye utakayesema. Au andika kwenye kikaratasi umpe nesi asome. Tangu siku ile sisi tulikuwa tunaandika.

Lakini tusitie chumvi. Ukidanganya hali ili upitishwe, vipimo vitakuumbua, na utakuwa umemchelewesha mtu mwenye shida ya kweli.

Kwa wazee kuna haki nyingine. Hospitali nyingi za serikali zina dirisha au chumba cha wazee, na utaona maandishi yanayosema mzee apishwe apate huduma kwanza. Ni kwa miaka 60 na kuendelea. Ila halikufuati ulipo. Ukijipanga kwenye foleni ya kawaida hakuna atakayekutoa. Uliza mapokezi mapema, uwe na kitambulisho kinachoonyesha mwaka wa kuzaliwa. Na ieleweke kwamba dirisha hilo linaharakisha mapokezi, dawa na malipo. Kwa bingwa mmoja mwenye wazee watupu nje ya mlango, kama ilivyo kliniki ya tezi dume, wote ni wazee na foleni inabaki foleni.

Kuhusu fedha nitasema ukweli wetu. Malipo ya hospitali yenyewe hayakutuumiza kama safari za kurudia. Nauli ya kupanda na kushuka, bajaji, chakula cha mgonjwa na msindikizaji, na siku za shamba zilizopotea, hivyo ndivyo vilivyokula akiba. Ugonjwa ulitupata masika, na kwetu fedha inaonekana korosho zikishauzwa, kuanzia Oktoba. Tulikopa.

Bima ya CHF iliyoboreshwa, ambayo wakati wetu kaya ya watu hadi sita ilikuwa inalipa shilingi 30,000 kwa mwaka, ilikuwa inafika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa sharti moja: uje kwa ngazi, na barua ya rufaa mkononi. Ukiruka ngazi bila dharura ulikuwa unahesabika mgonjwa wa taslimu kama mwingine yeyote. Kwa hiyo barua ile pia ilikuwa fedha. Kabla ya kusafiri hakikisha uanachama haujaisha muda na jina la mgonjwa limeandikwa sawasawa na kitambulisho. Ya nyumbani kwa baba ilikuwa imekwisha muda wake, na kuihuisha wakati mgonjwa amekwisha lala wodini ni kuhangaika.

Tukawa wa taslimu. Utaratibu ni kwamba daktari anaagiza kipimo kwenye kompyuta, unakwenda dirisha la malipo, unapewa namba ya malipo ya serikali, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba, unalipa kwa simu au kwa wakala, kisha malipo yakisomeka ndipo maabara wanakupokea. Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Weka fedha kwenye simu jana yake, na chaji, kwa sababu foleni ya wakala aliye nje ya geti asubuhi wakati mwingine inazidi ya dirishani. Na ukishalipa usiende maabara moja kwa moja. Rudi dirishani uhakikishe imesomeka na upewe risiti, kwani mtandao ukisuasua utapanga foleni ya maabara na kurudishwa.

Ni pale pale nje ya geti ambapo kijana mmoja, shati safi, alitufuata akasema kwa elfu kumi baba ataingia kwa bingwa mara moja. Hakuwa na kitambulisho, wala hakuvaa sare. Nilimwuliza risiti nitapata wapi, akaondoka. Malipo halali ya hospitali ya serikali yana namba ya malipo na risiti, na kama hospitali ina huduma ya haraka ya kulipia zaidi, nayo inalipiwa dirishani kwa risiti. Fedha ya mkononi ni rushwa au wizi, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Kama una malalamiko ya kucheleweshwa, tafuta dawati la huduma kwa wateja. Namba za viongozi wa hospitali nazo mara nyingi zimebandikwa ukutani.

Kwa mzee asiye na uwezo kabisa, sera ya afya inatoa msamaha kwa wenye miaka 60 na zaidi. Mlango wake ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya mzee, na nenda kabla hujalipa. Ukishakata risiti, kurudishiwa ni hadithi ndefu. Jirani yetu wa wodini alisaidiwa hivyo, na ilimchukua asubuhi moja kwa sababu barua ya mtendaji alikuja nayo kutoka kijijini. Mwingine ambaye hakuwa nayo ilibidi mwanawe arudi Newala kuifuata.

Ukiacha ile barua ya mstari mmoja, foleni ya bingwa siyo iliyotuchelewesha. Katika foleni, iliyotuchelewesha hasa ni ya pili, ya kurudisha majibu. Unaonwa saa nne, unaagizwa vipimo, unalipa, unatolewa damu, unasubiri, majibu yanatoka saa nane, unarudi mlangoni unakuta bingwa ameitwa chumba cha upasuaji. Siku imekwisha na unalala mjini. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, kila kinachoweza kupimwa wilayani kipimwe huko, na majibu yaje na barua. Ya pili, ukitoka chumba cha daktari uliza kabla ya kufunga mlango: "Majibu nikupe wewe leo? Unatoka saa ngapi? Usipokuwepo nimpe nani?" Bingwa alituambia tumkabidhi nesi wa kliniki hata akiwa ameondoka, na kweli alitupokea kesho yake asubuhi bila kupanga upya.

Vipimo viwili vya tezi dume vina masharti ambayo ukiyajua huchelewi. Utrasaundi ya tezi inataka kibofu kiwe kimejaa. Asiye na mpira anywe maji karibu lita moja, akae bila kukojoa kwa saa moja hivi kabla. Mwenye mpira kibofu chake ni kitupu muda wote, hivyo mpira unabanwa kwa muda hadi kijae. Usiubane mwenyewe kwa kukisia, waulize watu wa utrasaundi wakuelekeze, kisha ubanuliwe mara kipimo kikiisha. Nilimwona mzee mwenzake baba akirudishwa benchi mara mbili kwa sababu hakuna aliyemweleza.

Kingine ni kile cha damu kinachoandikwa PSA. Kinapanda kwa saratani ya tezi, lakini kinapanda pia mkojo ukiwa umeziba, mpira ukiwa ndiyo kwanza umewekwa, au kukiwa na maambukizi. Baba alitolewa damu siku chache tu baada ya kuwekwa mpira, katika maabara moja ya njiani ambayo mtu alitushauri tupitie tuokoe muda. Majibu yakaja juu sana. Sitasahau usiku ule, mama alikesha akiswali. Bingwa alipoyaona alimwuliza baba mpira uliwekwa lini, akatikisa kichwa, akasema namba hiyo hawezi kuitumia. Tutibu maambukizi kwanza, tusubiri wiki kama sita, kisha turudie. Tuliporudia ilikuwa imeshuka sana. Kwa hiyo kipimo hiki msikikimbilie. Muulizeni anayekiagiza kama wakati wake umefika, na tarehe ya kuwekwa mpira iandikwe kwenye fomu ya maabara. Na katika kusubiri huko mpira wa kawaida ubadilishwe kila baada ya wiki nne hivi. Hilo hospitali ya wilaya wanaliweza, hakuna haja ya kuja mjini.

Dawa hazikutosha, baba hakuweza kukojoa mpira ulipotolewa kwa majaribio. Akaandikwa kwenye orodha ya upasuaji. Hapo nako kuna foleni, na kinachowatoa watu kwenye orodha siku yenyewe imefika ni presha. Wazee wanaacha dawa za presha nyumbani kwa sababu wanakwenda kupasuliwa, wanapimwa asubuhi iko juu, wanaahirishwa. Mama alimsimamia baba kidonge kwa kidonge. Jambo jingine ni damu. Ndugu wa kuchangia wanahitajika, na ni vizuri waje mapema kuliko siku ya upasuaji, kwa sababu si kila anayekuja atafaa kutoa. Shemeji zangu wawili walikuja siku iliyotangulia, mmoja akarudishwa, mwingine akatoa.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na mpira ulitolewa kabla hajaondoka hospitali. Siku ya kuruhusiwa niliomba vitu viwili. Barua ya mrejesho kwenda hospitali ya wilaya, yenye kueleza alichofanyiwa na dawa za kuendelea nazo, ili marudio ya kawaida yafanyike huko. Na tarehe ya majibu ya kinyama, kwa sababu sehemu ya tezi iliyotolewa hupelekwa kuchunguzwa kama ina saratani, na majibu hayo hayatoki siku ile. Wengi wanapona kidonda, wanarudi kijijini na hawayafuatilii kamwe, nayo yanakaa kwenye faili. Niliandika namba ya kipimo na namba ya simu ya ofisi husika. Tarehe ilipofika nilipiga, wakaniambia bado. Nikapiga tena wiki iliyofuata, yalikuwa tayari, nikaenda kuyachukua mwenyewe baba akiwa nyumbani, nikampelekea bingwa siku ya kliniki. Yalikuwa salama. Akaandika hivyo chini ya barua ya mrejesho, nikaipiga picha na kuituma kwa daktari wa wilaya jioni ile ile.